Faiba Malindi: laini hukatika kusi ikivuma, fundi hupima upepo ukitulia

Nyota 2 kati ya 5. Kifurushi ni cha shilingi 4,000 kwa mwezi, saiba iko mtaa wa Shella. Intaneti ikiwepo kasi haina lawama. Shida ni kukatika, na Juni 2025 ilikatika mara nne saa za kazi: tarehe 17 saa 5 hadi saa 10 jioni, tarehe 23 saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni, tarehe 28 saa 7 hadi saa 11 jioni, na tarehe 30 kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni. Jumla saa 25. Hiyo tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani za KRA, siku ambayo saiba hujaa kuliko siku nyingine zote za mwaka. Wateja waliondoka na karatasi zao mkononi.

Kila nikipiga simu naambiwa nizime ruta nisubiri. Haisaidii. Taa ya LOS inamulika nyekundu, maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa, au unafika hafifu mno. Kuzima na kuwasha hakuungi waya uliopinda huko nje.

Fundi alikuja tarehe 24, asubuhi shwari. Kipimo chake kilisoma -21 dBm, akasema laini ni nzima na kufunga tiketi. Kweli ilikuwa nzima saa hiyo. Vifaa hivi kwa kawaida huhitaji mwanga usioshuka chini ya -27. Lakini kisanduku cha maungio kwenye nguzo kimelegea, kinaning'inia kwa waya mmoja wa kufungia, na upepo ukivuma kinayumba na kuipinda kebo. Faiba ikipindwa sana mwanga huvuja, na upepo ukitulia hurudi kama kawaida. Ndiyo maana mara zote nne ilikatika kusi ikiwa kali. Anayepima bila upepo hataona kitu.

Kampuni imenipa fidia ya shilingi 139: bili ya mwezi kwa saa 720, mara 25. Hesabu hiyo inaingiza saa za usiku nimefunga. Mimi hufungua saa 12 kwa siku, siku 26, yaani saa 312. Kwa mizani hiyo fidia ni shilingi 320.

Hata hivyo pesa si kubwa kwangu kuliko nguzo. Nataka kisanduku kifungwe imara kwa mkanda wa chuma, kebo iachiwe mkunjo mpana, kipimo kichukuliwe kisanduku kikitikiswa kwa mkono, na tiketi isifungwe kabla sijaona namba. Nimewaandikia haya tarehe 2 Julai na kuwapa siku 14. Zikipita, malalamiko yanaenda Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, pamoja na picha za taa ya LOS zenye tarehe na saa. Nawe ukikatikiwa, piga picha hiyo kabla ya kupiga simu.