Kikao cha kunasua hadithi Kisumu: uzoefu wangu baada ya Jumamosi mbili

Novela yangu ilikwama ukurasa wa 31 kwa miezi mitano. Mtumbwi wa omena unatoka ufuo wa Dunga, Ziwa Victoria, na wavuvi wanne, unarudi na watatu. Watatu hao wanasema mwenzao aliteleza gizani wakivua, akazama. Mkewe, Akinyi, muuza omena, anaanza kuulizia ufuoni. Sura ya pili anauliza, ya tatu anauliza, na nilipoanza ya nne nikajikuta namtuma kumuuliza mtu mwingine tena.

Basi nililipa shilingi 1,500 kwa vikao viwili vya kunasua hadithi, vya saa tatu tatu. Tulikuwa watu sita, kila mmoja na mswada wake uliokwama.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika maswali 20 yanayoanza na "je, kama", kwa dakika 15, bila kufuta hata moja. Manane ya kwanza yangu yalikuwa takataka: je, kama mume ana mke wa pili, je, kama atatokea pacha wake. Mwalimu alitupa kipimo ambacho bado nakitumia. Swali likihitaji mtu mpya au tukio jipya ili lijibiwe, liweke kando, kwa sababu linaongeza mzigo juu ya hadithi ambayo tayari imezama. Swali zuri hugeuza maana ya jambo ambalo msomaji amekwisha kulisoma.

Hapo ndipo lilipoingia sharti la kwanza kati ya matatu ya siku hiyo: jibu lazima litoke katika kurasa zilizokwisha kuandikwa. Nikarudi kusoma mswada wangu na kalamu mkononi, nikipigia mstari kila kitu kinachoonekana au kushikika. Ukurasa wa pili nilikuwa nimeandika kwamba usiku ule watoto walicheza nje kwenye mbalamwezi. Niliiweka kwa ajili ya uzuri tu. Swali langu la 14 likawa: je, kama mbalamwezi ile ni ya kweli?

Mtu wa ziwani ataelewa mara moja kwa nini nilisimama. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki juu. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa unapotea, na wavuvi hupumzika hadi giza lirudi. Kwa hiyo hakuna aliyekwenda kuvua omena usiku ule. Na Akinyi, aliyeishi kwa omena, angeujua uwongo huo asubuhi ile ile. Miezi mitano nilikuwa namtafutia mashahidi mwanamke ambaye hakuhitaji shahidi. Swali lililobaki ni kwa nini amenyamaza, na jibu nalo lilikuwemo ukurasa wa tisa: mwenye mtumbwi ndiye anayemkopesha mtaji.

Sharti la pili lilihusu muda. Nilichagua siku saba, kuanzia mwezi mpevu hadi usiku utakapokuwa na giza la kutosha mtumbwi kutoka tena, kwa sababu watatu wale wakitoka, Akinyi atapokea mzigo wao na kuuuza kama kawaida, au atakataa mbele ya ufuo mzima. La tatu ndilo lililoniuma: katika sura ya nne, Akinyi haruhusiwi kuuliza swali hata moja. Mwalimu alisema, "Dada, chukua kile unachokimbilia kila ukikwama, ujinyime."

Nikaandika pale pale. Mvuvi mmoja kati ya wale watatu anakuja kununua omena wa kulisha kuku. Akinyi anajaza gorogoro, anaisawazisha kwa kiganja, anasema, "Usiku ule sikuwasha taa. Nilichambua omena nje, nikaona hata mchanga." Mvuvi anaweka pesa mezani na kuondoka bila mzigo wake. Nusu ukurasa, na hadithi ikaanza kutembea.

Kikao cha pili sikukifurahia vile. Tulipewa masharti sita kwa mpigo, yakiwemo maneno 300 tu na sentensi zisizozidi maneno kumi. Nilitumia saa nzima nikihesabu maneno. Kwangu matatu yanatosha, na kila moja lazima liguse mhusika, maana linalogusa sentensi peke yake halina la kufanya na msuko. Pia mwenzetu mmoja alitoka mikono mitupu: mhusika wake mkuu hakutaka kitu chochote, na maswali yake yote 20 yalimtokea mhusika kama mvua inayomnyeshea mtu aliyelala. Huyo alihitaji kwanza kumpa mtu wake haja, na kikao hakikuwa na nafasi ya kazi hiyo.

Ningelipa tena kwa Jumamosi ya kwanza peke yake. Sasa niko ukurasa wa 58, usiku wa sita, mwezi unachelewa kuchomoza, na Akinyi ameosha nyavu zake za kuanikia omena ingawa hajaamua atapokea mzigo wa nani.