Barua tatu za TRA, kila moja na muda wake

Tuseme una duka la nyavu Kirumba, Mwanza. Barua ya TRA ikifika, usitishwe na muhuri. Tafuta kitenzi: "fafanua", "wasilisha" au "tutakagua".

"Fafanua" ni uhakiki. Mauzo ya mashine ya EFD yamezidi ya ritani ya VAT kwa milioni 2, na wanataka sababu. Labda risiti moja ilitolewa mara mbili. Jibu kwa ukurasa mmoja na nakala ya risiti hiyo.

"Wasilisha" ni ombi la taarifa. Hapa wanataka nyaraka: taarifa za benki, ankara, mikataba. Muda ni ule ulioandikwa kwenye barua, na neno la kuangalia ni "tangu kupokea". Barua ya tarehe 4 iliyokufikia tarehe 9 huhesabiwa kuanzia tarehe 9, kwa hiyo saini kitabu cha kupokelea na uandike tarehe. Ukiona hutamaliza, omba nyongeza kwa maandishi kabla muda haujaisha.

"Tutakagua" hutaja aina za kodi, miaka na siku ya wakaguzi kufika. Siku hiyo vitabu viwe tayari.

Wengi huchanganya hapa: siku 30 za kuweka pingamizi dhidi ya kodi uliyokadiriwa hazianzi na notisi ya ukaguzi. Huanza unapopokea makadirio ya kodi. Ndani ya siku hizo hizo ulipe kodi usiyoibishia au theluthi moja ya iliyokadiriwa, ipi iliyo kubwa. Usipolipa, kwa kawaida pingamizi halipokelewi, hata kama hoja zako ni nzito.