Mita ya EC ya mkononi: nilivyoikalibreti vibaya nikaunguza hoho

Nimetumia hii mita ya EC ya mkononi, ya kupima mbolea kwa maji kupitia jinsi yanavyopitisha umeme, miezi minane sasa, niko Bahati, Nakuru, na grinhausi moja ya hoho. Mashine yenyewe ni poa, shida ilikuwa mimi na kale kajedwali ka joto kwa chupa ya dawa ya kukalibreti.

Iko hivi. Dawa ya kukalibreti ni maji yenye chumvi ya potasiamu kloraidi, inasoma 1413 µS/cm ikiwa digrii 25. Maji yakipoa umeme hupita kwa shida, kama asilimia 2 kwa kila digrii, so kwa digrii 20 hiyo dawa huwa 1278 na ndivyo jedwali linasema. Asubuhi ile stoo ilikuwa baridi, dawa iko digrii 20, nikaona nifanye kazi safi nikaiseti mita 1278.

Kumbe ATC ilikuwa on! ATC ikiwa on mita inapima kwa joto lililoko halafu yenyewe inabadilisha jibu liwe la digrii 25, kwa hesabu hii, T ni joto na a ni ile asilimia ya kila digrii:

```
EC25 = EC / (1 + a*(T - 25)/100)
```

Weka 1278, digrii 20, na a ya 1.9, unapata 1412, yaani karibu 1413 tu. Mita yangu ilikuja na a ya 2.0, hiyo inatoa 1420, tofauti ndogo sana, sikuigusa, na kwa maji ya mbolea 2.0 inatosha. Lakini mimi nilikuwa nimeilazimisha iite 1413 "1278", so tangu siku hiyo kila kitu kilisoma chini karibu asilimia 10. Nikitaka mbolea ya 2.0 mS/cm naongeza mpaka iandike 2.0, kumbe kwa tenki iko 2.2. Wiki tatu hivi majani yakaanza kukauka ncha, nami nalaumu maji ya borehol bure.

Nilijuaje? Nilitumbukiza kikombe cha dawa mpya ndani ya maji ya vuguvugu hadi digrii 25, nikapima, ikasoma karibu 1278. Kwa digrii 25 hakuna cha kubadilisha, lazima iseme 1413, basi.

Siku hizi naacha ATC on naseti 1413, hata kama dawa ni baridi. Namba za jedwali ni za yule amezima ATC, yaani ameweka a iwe 0.00, na akimaliza airudishe. Zile mita ndogo za umbo la kalamu nyingi hata hazina hiyo seting.

Kitu kimoja sijakipenda: sensa ya joto ni polepole, probu ikitoka juani inataka dakika mbili tatu ndani ya dawa, na ukiharakisha digrii 2 zikipotea hapo umeshakosea asilimia 4. Mimi hupima na thamomita ya jikoni kando kwanza, na dawa nimeshatumia namwaga, sirudishi kwa chupa.