Webkamu ya Shilingi 2,800 na Sweta ya Maruni: Mbona Rangi Haitulii?

Haya, mambo vipi wadau, karibuni tena. Kwanza samahani, wiki jana sikuweka video. Maikrofoni ilinifia katikati ya kurekodi, na hii mnayoisikia leo nimeazima. Mkisikia mvumo kidogo, ni hiyo, si masikio yenu.

Leo nina hii hapa. Webkamu. Niliichukua pale Luthuli Avenue, jamaa alianza na 3,500, tukavutana, nikatoka nayo kwa 2,800. Sitaitaja jina, na mtaona kwa nini nimekasirika. Mambo ya ubora wa picha na urefu wa waya sisemi, yote yameandikwa kwenye boksi na kila mtu anayasoma. Mimi nataka kuongea juu ya kitu kimoja tu ambacho boksi halisemi.

Dadangu anafuma sweta za shule. Shule inamletea sweta moja ya mfano, yeye anatafuta uzi wa rangi ileile. Sasa maruni, wadau, maruni ina ndugu wengi. Kuna inayokaribia damu ya mzee, kuna inayokaribia zambarau, na mwalimu mkuu anaijua ya kwake hata gizani. Nikamwambia dada, usijali, nitakuwekea kamera juu ya meza, uweke sweta chini, kompyuta ikusomee namba za rangi. Nyekundu ngapi, kijani ngapi, buluu ngapi, kila moja kutoka 0 hadi 255. Kisha uweke uzi palepale, tulinganishe. Programu niliandika jioni moja. Inachukua kimraba cha pikseli 40 kwa 40 katikati ya picha, inatoa wastani, inaonyesha namba. Kimraba, si pikseli moja, maana pikseli moja ya kamera ndogo hivi huruka ruka hata ukishika pumzi.

Dada akaitumia asubuhi moja, akanipigia simu: "Ndugu yangu, hii mashine yako inaona maruni ngapi?"

Tuone wote. Sweta iko hapa, nimeibandika na gamu ya karatasi isisogee. Meza ni nyeupe. Pazia nimefunga, taa ni moja tu, ile ya dari. Namba ziko kona ya juu: 118, 34, 46. Sawa? Zishikeni hizo.

Sasa sigusi sweta. Siigusi. Naingiza tu kitambaa cheusi kando, kinafunika meza nyeupe. Angalieni... zinapanda... zinapanda bado... 161, 52, 68. Sweta ni ileile, taa ni ileile, kimraba kiko palepale, na hicho kitambaa hakimo ndani ya kimraba! Naondoa kitambaa. Inachukua kama sekunde mbili, inarudi taratibu kama mtu anayesinzia.

Sasa mchezo wa pili, ndio ninaoupenda. Mtungi wa manjano, huu wa lita 20 wa mafuta ya kupikia, kila nyumba Nairobi inao, wangu una alama ya maji. Nauweka pembeni ya picha. Subirini... 109, 32, 63. Mmeona? Nyekundu imeshuka 9, lakini buluu imepanda 17. Sweta imeanza kuelekea zambarau, kwa sababu ya mtungi!

Hizi ni shida mbili tofauti, na watu wengi huziita moja. Pale kwa kitambaa cheusi, namba zote tatu zilipanda pamoja. Hiyo ni kamera kujipangia mwangaza. Inatazama picha nzima, inaona mbona kuna giza, kwa hiyo inaacha kihisi kipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi, au inakuza ishara yenyewe. Inataka picha nzima iwe na mwangaza wa wastani. Sweta yako haiijui.

Pale kwa mtungi, namba moja ilipanda na nyingine zikashuka. Hiyo ni mizani ya weupe. Kamera haijui taa yako ni ya rangi gani, kwa hiyo inakisia kutokana na vilivyomo kwenye picha. Kisio la zamani kabisa, ambalo bado limo ndani ya nyingi, ni kwamba ukichanganya rangi zote za picha unapata kijivu. Ukiiletea mtungi wa manjano, inasema, aa, kumbe taa ya humu ni ya manjano, ngoja niongeze buluu. Inaongeza buluu kwa kila kitu, sweta ikiwemo. Na ukiisogeza sweta ijaze picha yote, inafikiri taa ni nyekundu, inapunguza nyekundu. Yaani kadiri unavyoikaribisha maruni, ndivyo inavyoifuta! Dada alikuwa anafanya hivyo hasa. Anasogeza ili aone vizuri.

Kwa hiyo kumbukeni: zote zikienda upande mmoja, shuku mwangaza, zikipishana, shuku mizani ya weupe. Zikifanya vyote viwili kwa pamoja, karibu nyumbani kwangu.

Na kabla hamjaniandikia "tumia simu": simu ni mbaya zaidi kwa kazi hii. Kamera ya simu kwa kawaida inatengeneza picha ipendeze, inang'arisha, inapaka. Kwa picha ya harusi, sawa. Kwa sweta ya mwalimu mkuu, hapana. Zile webkamu za bei kubwa nazo, nimejaribu mbili za rafiki, zinajigeuza vilevile, tena haraka zaidi. Pesa hainunui utulivu hapa. Kinachotakiwa ni kamera inayokubali kuambiwa "tulia".

Sasa tuiambie. Natumia Linux, na ninaweka kwenye skrini:

```
v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-ctrls
v4l2-ctl -d /dev/video0 -c white_balance_automatic=0
v4l2-ctl -d /dev/video0 -c white_balance_temperature=4600
v4l2-ctl -d /dev/video0 -c auto_exposure=1
v4l2-ctl -d /dev/video0 -c exposure_time_absolute=200
```

Mstari wa kwanza unaorodhesha vitu ambavyo kamera inakubali kubadilishwa. Anzeni hapo kila mara, kwa sababu majina hutofautiana. Kwenye mifumo ya zamani mtakuta `exposure_auto` badala ya `auto_exposure`. Na mfuatano una maana: zima ya kujiendesha kwanza, halafu weka namba yako. Ukigeuza mfuatano, namba yako haifanyi kazi, kwa sababu kitufe hicho bado kimelala. Kwenye orodha kinaonyeshwa kwa `flags=inactive`.

Ile `auto_exposure=1`, msidanganyike, hapo 1 si "washa". Ni "kwa mkono". Mimi ilinila saa nzima.

Na kwa nini muda wa kupokea mwanga ni 200? Kipimo chake ni vipande vya sekunde 0.0001, kwa hiyo 200 ni milisekunde 20. Stima yetu Kenya ni hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Ukichagua milisekunde 10 au 20, kamera inameza mipepeso mizima. Ukichagua 13, inapata mpepeso mmoja na kipande, na kipande hicho wakati mwingine huangukia kwenye mwanga, wakati mwingine kwenye giza, na namba zinacheza hata baada ya kufunga kila kitu. Mistari ya kivuli inayopita kwenye picha kama mawimbi, hiyo ndiyo dalili. Walio na Windows, kidirisha cha kamera mtakipata ndani ya OBS, ile programu ya kurekodi video, kitufe cha `Configure Video`. Lakini pale muda huja kwa hatua za kugawanya kwa mbili, -5 ni 1/32 ya sekunde, -6 ni 1/64. Hakuna 1/50. Inaudhi.

Na hiyo 4600 ya mizani ya weupe sikuipima na chombo chochote. Niliweka kadi ya kijivu ya wapiga picha chini ya kamera, nikasogeza namba mpaka nyekundu, kijani na buluu zikakaribiana. Msitumie karatasi ya printa. Nyingi zina dawa ya kung'arisha, na karibu na dirisha hujifanya buluu.

Haya, nimefunga. Sweta: 121, 35, 47. Kitambaa cheusi... 120, 35, 47. Mtungi... 122, 36, 46. Aaah! Hiyo tofauti ndogo ya mtungi ni halali kabisa, ni nuru inayodunda kutoka kwenye plastiki ikaipaka sweta. Kamera sasa inaripoti tu kilichopo.

Kwa hiyo kwa hilo naisifu, 2,800 na inatii. Msiamini orodha peke yake lakini. Nina nyingine kwenye droo inayokubali amri zote kwa adabu na haifanyi hata moja. Mtungi ndio shahidi.

Sasa nafungua pazia. Nyekundu 139... 144... wingu hilo... 126. Mnaona? Hapa kamera haina kosa. Mwanga wenyewe umebadilika, na kamera iliyofungwa haifuati. Wengine watasema weka kadi ya kijivu kando, gawanya namba za sweta kwa namba za kadi. Sawa, lakini namba hizi hazilingani moja kwa moja na mwanga. Nuru ikipungua kwa nusu, 255 haishuki hadi 128, kwa kanuni ya kawaida ya sRGB inashuka hadi 188 hivi. Ukigawanya bila kuzinyoosha kwanza ziende sawa na mwanga, utasahihisha vibaya. Na kamera hizi huongeza mpindo wao wenyewe. Nilichomwambia dada ni rahisi zaidi: pazia lifungwe, taa moja, sweta na uzi visomwe palepale dakika ileile. Tunalinganisha viwili, hatutafuti namba takatifu.

Bado nina kinyongo kimoja. Stima ilipotea Jumanne, ikarudi, kamera ikaamka imesahau kila kitu. Ukichomoa waya, hivyohivyo, inarudi kujiendesha na haisemi kitu. Dada akasoma nyuzi sita kabla ya kushtuka, na moja tayari alikuwa ameiagiza. Kilo mbili za maruni ya mtungi. Nimeweka ile mistari kwenye faili inayojiendesha programu ikifunguka, na programu inasoma mipangilio ya kamera kila baada ya muda. Ikikuta imerudi kujiendesha, skrini inakuwa nyekundu.

Aliye na shule yenye sweta inayoelekea zambarau aniandikie hapo chini, uzi upo.