TAHADHARI: Wakala anayewavunjisha watu bima ya gari katikati ya mwaka kwa ahadi ya "utarudishiwa iliyobaki"

Wenye magari, someni hii kabla hamjaweka saini kwenye karatasi yoyote. Kuna wakala anapita kwenye maegesho na kwenye magrupu ya simu, anawashawishi watu wavunje bima kubwa waliyonayo wahamie kampuni anayoiuzia yeye. Maneno yake ni yale yale: ada yetu iko chini, na kampuni yako ya zamani itakurudishia hela ya miezi iliyobaki. La kwanza ni kweli. La pili ndilo linalowaumiza watu. Dada yangu ni mmoja wao, na karatasi zake zote nimezisoma mwenyewe.

Bima yake ilianza tarehe 10 Januari. Ada ilikuwa 120,000 kwa mwaka, ukiacha kodi, na alishailipa yote. Tarehe 6 Juni wakala akamletea bima mpya ya 108,000 pamoja na barua ya kuvunja ile ya zamani, imeshachapwa, inasubiri saini tu. Akampigia hesabu palepale kwenye simu: zimebaki siku 218, gawanya kwa 365, zidisha kwa 120,000, unapata karibu 71,700. Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa ni kwamba sio hesabu iliyoandikwa kwenye mkataba wake. Zilizoingia kwenye akaunti ni 36,000.

Ni hivi. Bima ya mwaka ikivunjwa katikati, kuna njia mbili kuu za kukokotoa marejesho. Ya kwanza ni ya siku kwa siku, kama alivyofanya wakala. Ya pili ni ya jedwali la muda mfupi, ambamo kampuni inabaki na asilimia kubwa kuliko muda uliotumia. Jedwali moja linalofahamika sana liko hivi: ukitumia bima hadi mwezi 1 kampuni inabaki na asilimia 20 ya ada ya mwaka, hadi miezi 2 asilimia 30, na kila mwezi unaofuata unaongeza 10, mpaka miezi 8 ambapo inabaki na 90. Ukipita hapo hurudishiwi kitu, hata kama imebaki miezi mitatu na ushee. Makampuni yanasema gharama za kuandikisha bima zinatumika mwanzoni kabisa, na kwamba bila jedwali watu wangelipa ada ya mwaka, watumie miezi ya hatari tu, kisha wadai zao. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini mteja ana haki ya kuambiwa mapema ni njia ipi itamhusu, na wakala huyu halisemi kamwe.

Sasa angalieni ile barua, maana ndiyo mtego wenyewe. Inaanza hivi: "Mimi mteja, kwa hiari yangu, naomba kusitisha bima yangu." Mikataba mingi inatofautisha aliyevunja. Kampuni ikivunja yenyewe, inakupa notisi na kukurudishia siku kwa siku. Mteja akivunja kwa ombi lake, linafunguliwa jedwali. Kwa sentensi hiyo moja, dada aliingizwa kwenye jedwali bila kuliona. Na hili liwahusu pia wale wanaoambiwa na kampuni yao wenyewe "andika tu barua ya kuomba kusitisha, itakuwa rahisi". Kama wao ndio hawataki kuendelea na wewe, waandike wao.

Kuna jingine lililoniuma zaidi. Barua ilisainiwa tarehe 6 Juni, na miezi mitano ilikuwa inatimia tarehe 9. Ingefika siku ile, kampuni ingebaki na asilimia 60 na dada angerudishiwa 48,000. Wakala akakaa nayo kwenye mkoba pamoja na stika ya zamani. Muhuri wa kupokelewa unasoma 13 Juni. Mwezi wa sita ulishaingia, asilimia ikawa 70, na 12,000 zikapotea kwa sababu ya karatasi iliyolala kwenye mkoba. Alipolalamika, kampuni ya zamani ikamjibu kwamba wao wanahesabu kuanzia siku walipopokea barua na stika, na kwamba yule si wakala wao. Na wako sahihi: kumkabidhi wakala wa kampuni unayohamia si kuikabidhi kampuni unayoiacha. Isitoshe, bima mpya ilishaanza tangu tarehe 6, kwa hiyo wiki nzima dada alikuwa analipia bima mbili kwa gari moja.

Nafuu aliyohamia ni 12,000 kwa mwaka. Alichokosa, ukilinganisha na alichoahidiwa, ni 35,700. Kamisheni ya wakala haikuguswa.

Dada hakuwa amedai fidia yoyote mwaka huu. Angekuwa amelipwa hata ya kioo, huenda asingepata hata hizo 36,000, kwa kuwa mikataba mingi inafuta marejesho kabisa pale fidia ikishalipwa ndani ya kipindi hicho. Kodi na ushuru wa stempu navyo kwa kawaida havirudi.

Wakala huyu ana maneno mengine ya kumtuliza anayesita: "Una siku za kutafakari, usipoipenda unarudisha." Kipindi cha kutafakari ni haki ya kweli mahali inapotambuliwa na sheria au mkataba, mara nyingi siku 14 hadi 30 tangu bima ianze au tangu upokee hati, na ndani yake unarudishiwa karibu ada yote, pengine wakikata siku ulizokingwa. Lakini haki hiyo iko juu ya bima mpya tu. Ukiirudisha, ile ya zamani haifufuki. Unabaki na gari lisilo na bima, na kampuni ya zamani ikikubali kukupokea tena, ni kwa mkataba mpya na ada ya siku hiyo. Haki hiyo pia mara nyingi haihusu bima za muda mfupi sana, kwa mfano ya safari ya chini ya mwezi.

Akikufuata, mwambie aweke kalamu chini. Fungua hati yako, tafuta kifungu cha kusitisha, uone kama kimetaja siku kwa siku au jedwali. Kisha iandikie kampuni yako mwenyewe: "Nikisitisha tarehe fulani, nitarudishiwa kiasi gani kamili, baada ya makato yote?" Usikubali jibu la mdomo. Ukiona namba yenyewe, utajua kama kuhama kuna maana au ni bora kusubiri bima iishe. Ukiamua kuvunja, peleka barua na stika mwenyewe, gongewa muhuri kwenye nakala yako, na hakikisha bima mpya inaanza pale ya zamani inapoishia. Marejesho yaingie kwenye akaunti yenye jina lako. Wakala akiomba yapitie kwake, mwache hapo hapo.

Na kama barua umeshaisaini na bado iko kwake, leo hii iandikie kampuni yako kwamba hujaomba kusitisha na kwamba barua yoyote itakayoletwa na mtu mwingine isifanyiwe kazi. Ikiwahi kabla ya muhuri wa kupokelewa, bima yako inaendelea kama kawaida. Halafu rudisha ile mpya, ukiwa bado ndani ya siku zako za kutafakari.