Mlio wa jirani wa mama ulivyonigeuka

Hii huduma ya kumwekea kila mtu mlio wake kwenye simu imenitia hasira, na yule fundi simu wa hapa mjini Tanga kanimalizia kabisa. Nimemweleza tatizo langu, ananijibu bila hata kuniangalia: "Mama, mlio ni mlio tu. Simu si inaita?"

Kwangu si mlio tu. Nashona Ngamiani, mashine ya umeme, mikono yote miwili iko kwenye kitambaa kutwa. Mama yangu yuko Pongwe, ana kisukari cha kuchoma sindano, na jirani yake ndiye macho yangu kule. Simu ya jirani naipokea hata kama sindano ya mashine iko katikati ya kola. Wateja wanaouliza "nguo tayari?" wanasubiri.

Kwa hiyo nilimtengenezea jirani mlio wake. Milio ya kengele niliikataa tangu mwanzo, maana mtaani kwetu baiskeli zinapiga kengele asubuhi hadi jioni. Nikamrekodi mwanangu akiita "Bibi! Bibi!", nikakata ule ukimya wa mwanzo ili neno litoke simu inapoanza tu kuita. Sauti ya mtoto ni nyembamba, inapenya juu ya ngurumo ya mashine. Na jina la jirani nililitoa kwenye laini nikaliweka kwenye simu, kwa sababu jina lililokaa kwenye laini halibebi mlio wake. Ilifanya kazi vizuri mno. Ningeandika wakati ule, ningeisifia tu.

Halafu nikapeleka simu kubadilishiwa kioo. Fundi akaitoa memori kadi, akairudisha. Siku chache baadaye simu ikaita mlio wa kawaida, ule wa wateja. Sikuitoa mfukoni. Ikaita tena, mlio uleule. Alikuwa jirani. Mama alikuwa anatetemeka na jasho linamtoka, sukari imeshuka hadi 3.1. Mungu amlipe yule dada, alimkorogea maji ya sukari mwenyewe, mama akarudi sawa. Mimi nimejua baadaye, nilipoacha cherehani kwenda kuswali adhuhuri.

Nikarudi kwa fundi na ndipo nikapewa lile jibu. Kijana mdogo kama yule! Aliyenieleza ni binamu yangu anayejua simu. Kwenye jina la mtu, simu ya Android haiweki sauti yenyewe, inaweka kielekezo cha faili ilipo. Rekodi yangu ilikuwa kwenye memori kadi. Kadi ikitoka na kurudi, simu inaweza kuyaorodhesha mafaili upya na kuyapa namba nyingine, kielekezo cha zamani kikabaki hakina kitu. Hapo simu inapiga mlio wa kawaida kimya kimya. Haikuambii "mlio wa jirani umepotea". Hilo ndilo linaloniuma kuliko fundi. Usipofungua jina lake ukatazama sehemu ya mlio, hujui mpaka apige.

Tumeihamisha rekodi kwenye kumbukumbu ya ndani ya simu, kwenye folda iitwayo `Ringtones`, nikaichagua upya kwenye jina la jirani, kisha tukamwomba apige. "Bibi! Bibi!" ikatoka. Nililia, sioni haya kusema.

Upande wa mtetemo bado sijaridhika. Simu ikiwa juu ya meza ya cherehani, meza yenyewe inatetemeka, husikii kitu, kwa hiyo inakaa mfukoni ubavuni. Lakini simu yangu ina mtetemo mmoja kwa wapigaji wote. Wenye iPhone wanamwekea kila mtu wake, hata kuutunga kwa kugonga kioo kwa kidole. Mimi nimepata nusu yake WhatsApp: nimezima mtetemo wa ujumbe kwa wote, nikamwachia jirani peke yake mrefu. Ujumbe wake naujua kwa ubavu. Ila akipiga kwa WhatsApp, ule mlio niliouweka kwenye jina lake hautoki, mpaka umweke tena mlio wa simu ndani ya WhatsApp kwenyewe. Kazi mbili kwa mtu mmoja!

Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia msiiamini kabisa. Sasa nasema itumieni, hasa mwenye mgonjwa nyumbani, lakini faili likae ndani ya simu, na simu ikitoka kwa fundi, mwombeni mhusika apige kabla hamjaondoka dukani. Kwa fundi yule lakini sirudi, hata kioo kikipasuka leo.