Eti Takwimu ni jina la ukoo??

Aisee naandika hii bado nna hasira kwahiyo mnivumilie. Nimetumia hii program ya kupangia marejeo tangu naandika propozo ya masta, jina silitaji, na sikuwa na shida nayo hadi nilipokaa mbele ya paneli, mzee mmoja akafunua nyuma kwenye orodha akasoma kwa sauti "Takwimu, O. ya T. ya", akanitazama, "Huyu bwana Takwimu ni nani, mmesoma wote?" Watu wakacheka. Sapavaiza wangu naye akacheka jamani!

Sasa iko hivi. Tasnifu yangu imekaa juu ya sensa ya 2022, na mwandishi wa ripoti ile sio mtu, ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Program ina visanduku viwili, ukoo na jina la kwanza, basi ukidownload chanzo inachukua neno la mwisho inalifanya ukoo halafu yaliyobaki inayakatakata kuwa herufi. Ndani ya maandishi inatoka (Takwimu, 2022). Wizara ya Afya imekuwa (Afya, 2022). Na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ndo kichekesho kabisa, kwasababu jina lenyewe lina koma, program ikaona koma ikajua hapo ndo ukoo umeishia, ikaandika "Wizara ya Elimu, S. na T." Na orodha inapangwa kwa alfabeti, kwahiyo ofisi ambayo msomaji anaitafuta kwenye O iko kwenye T huko chini.

Kurekebisha kwenye Word ni kazi bure, unaongeza chanzo kimoja tu, inajipanga upya na bwana Takwimu huyo karudi. Dawa iko kwenye maktaba ya program yenyewe: unafungua hicho chanzo, pembeni ya jina kuna kialama kidogo sijui nani alikificha pale, ukikibonyeza, visanduku viwili vinakuwa kimoja, unaandika jina zima, unarudi Word unabonyeza Refresh. Wa EndNote, program nyingine ya kazi hiyohiyo, wao wanaweka koma mwishoni mwa jina la ofisi. Kupima ni rahisi, pitia orodha, popote unapoona "ya" au "na" pembeni ya herufi yenye nukta ujue hapo kuna ofisi imegeuzwa mtu.

Nilikuwa naipa nyota moja. Ila paneli hiyohiyo ikasema idara imehama staili ya marejeo ya APA twende ya Vancouver, nikachagua staili mpya na marejeo ya tasnifu nzima yakageuka namba kabla chai haijapoa, wakati jamaa niliyekaa naye hosteli aliyeandika marejeo yake kwa mkono alikesha siku kadhaa anahesabu mabano. Sasa hapo unaitukanaje? Haya tatu, kwa shingo upande. Lakini kile kialama wakiweke mahali mtu anakiona, ptuu!